Barua ya dalali aliyesahau kuhuisha bima

Bima ya gari ikiisha, wapo wa kukukumbusha. Huko Qatar, kwa mfano, huwezi kuhuisha istimara, yaani kadi ya usajili wa gari, bila kuonyesha bima iliyo hai. Bima ya vitu vya ndani ya nyumba haina askari wa barabarani. Ikiisha saa sita ya usiku, friji inaendelea kugandisha, televisheni inawaka, watoto wanalala. Hakuna kinachobadilika hadi siku ile maji yanapoanza kudondoka kutoka darini.

Ndugu msomaji, wengi wetu tuliohamia nchi mpya hukata bima kupitia mtu wa kati, kwa kuwa hati yenyewe imeandikwa kwa lugha ngumu. Makala hii inaeleza nini hutokea mtu huyo anaposahau, barua ya kweli kutoka kwake inapaswa kusema nini, na wewe ukiipokea ufanye nini. Mfano wetu ni wa Doha, mji ambao wengi wenu mna ndugu wanaofanya kazi huko. Dalali na mteja ni watu wa mfano, ndiyo maana hatuwapi majina. Lakini kila hatua tunayoisimulia ni ile inayotokea katika kazi hii.

Dalali si wakala

Kwanza tutenganishe maneno mawili. Wakala wa bima huiwakilisha kampuni ya bima. Dalali wa bima hukuwakilisha wewe: anakutafutia kampuni, anapeleka taarifa zako, na mara nyingi anapokea pesa zako na kuzifikisha. Kwa kuwa ni mtu wako, akizembea katika kazi aliyokubali kukufanyia, wa kumwuliza ni yeye. Kampuni ya bima haina deni kwako kwa mkataba ambao haukuwahi kufanywa.

Dalali wetu ana ofisi West Bay, kule kwenye minara mirefu upande wa kaskazini wa barabara ya Kornishi. Waarabu wanaliita eneo hilo Dafna, kwa sababu zamani lilikuwa bahari likafukiwa kwa udongo. Madalali wa Doha hawako chini ya msimamizi mmoja. Wengine wako chini ya Benki Kuu ya Qatar. Wengine wamesajiliwa katika Kituo cha Fedha cha Qatar, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, ambacho kina mamlaka yake ya usimamizi. Mteja hana haja ya kukariri hayo. Anachohitaji ni kujua dalali wake anasimamiwa na nani, maana huko ndiko malalamiko yatakakokwenda.

Mteja ni mama mmoja muuguzi, mzaliwa wa Mombasa, aliyepanga na familia yake nyumba ya ghorofa mtaa wa Najma. Mwenye nyumba ana bima ya jengo, lakini bima hiyo hulinda kuta, mabomba na paa. Makochi, magodoro, kompyuta ya watoto na cherehani ni vya mpangaji, na havimo. Kwa hiyo mama huyu alikata bima ya vitu vyake, ya riyali 45,000, kwa ada ya riyali 400 kwa mwaka. Alimbebesha dalali kazi yote. Kila mwezi Machi dalali alimpigia simu, mama akatuma pesa, bima ikahuishwa. Wakaenda hivyo miaka miwili.

Jinsi inavyosahaulika

Ukiwauliza madalali, wengi watakuambia kwamba bima husahaulika kazi inapohama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Katika mfano wetu, karani aliyeshughulikia bima za nyumba aliacha kazi mwezi Februari. Kampuni ya bima ilituma notisi ya kuhuisha kama kawaida, lakini iliituma kwenye baruapepe ya karani huyo, ambayo hakuna aliyekuwa akiifungua tena. Simu ya Machi haikupigwa. Mama naye hakushtuka. Tarehe 20 Machi alikuwa amemwandikia dalali ujumbe mfupi, "Usisahau kunikumbusha ile bima," akajibiwa, "Bila shaka, mama." Alipoona kimya, alidhani mambo yamekwisha tengenezwa.

Hapo pana jambo ambalo wengi hulielewa vibaya. Bima ya mwaka haiendelei yenyewe isipokuwa hati iseme hivyo waziwazi. Kuhuisha ni kufanya mkataba mpya: kampuni inatoa bei, wewe unakubali, na malipo yanafanyika au yanapangwa. Ukimya wa pande zote mbili hauhuishi kitu. Bima ya mama iliisha tarehe 31 Machi. Dalali aligundua tarehe 19 Aprili, alipokuwa akilinganisha orodha yake na orodha ya kampuni. Siku 19 zilikuwa zimepita.

Njia tatu za kukwepa

Dalali akishagundua, ana saa chache za majaribu.

Njia ya kwanza ni kunyamaza: anakata bima mpya kuanzia leo na kuomba Mungu kwamba siku zile 19 zilikuwa salama.

Njia ya pili ni ya hatari zaidi kwa mteja. Dalali anaiomba kampuni iirudishe bima nyuma, ianze tarehe 1 Aprili kana kwamba hakuna pengo. Kampuni nyingine hukubali, kwa sharti kwamba mteja atie saini karatasi inayosema hakuna hasara yoyote iliyotokea kipindi hicho. Jambo hilo ni halali ikiwa maneno ya karatasi ni ya kweli. Tatizo ni pale dalali anapoileta karatasi kama kitu cha kawaida cha ofisi: "Mama, tia saini hapa tu." Kama hasara imetokea na wewe umetia saini kwamba haikutokea, uongo huo ni wako wewe. Kampuni inaweza kuufuta mkataba mzima, na shauri la udanganyifu linaweza kukuangukia wewe, wala si dalali aliyesahau.

Njia ya tatu ni kuandika barua yenye ukungu: "Tunapenda kukujulisha kuwa kumetokea mabadiliko katika mpangilio wa bima yako. Tafadhali wasiliana nasi kwa hatua zaidi." Kila neno ni la kweli, lakini hakuna atakayeisoma akajua kwamba amelala bila bima.

Juu ya ukungu wa namna hiyo ipo kesi maarufu ya Uingereza, iliyochapishwa katika vitabu vya sheria mwaka 1970: Osman dhidi ya J. Ralph Moss. Osman alikuwa mtu mwenye asili ya Kituruki, na Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Madalali wake walimkatia bima ya gari katika kampuni ambayo hali yake ilikuwa mbaya, nayo ikaanguka. Yeye hakuelewa kwamba amebaki bila bima, akaendelea kuendesha. Akapata ajali, akatozwa faini kwa kuendesha bila bima, na akadaiwa na dereva wa gari jingine. Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba madalali walizembea na wanapaswa kumlipa, hata ile faini. Dalali anayeijua kesi hiyo hujiuliza jambo moja kabla ya kutuma barua: je, mtu huyu, kwa lugha anayoisoma, akiimaliza barua hii atajua kwamba hana bima?

Barua yenyewe

Dalali wetu hakuchukua njia yoyote kati ya hizo tatu. Siku ileile alifanya mambo mawili kabla ya kuandika. Kwanza aliiuliza kampuni kama inaweza kumkatia mama bima mara moja. Pili aliipa taarifa kampuni inayombima yeye mwenyewe, maana madalali nao hukata bima ya makosa ya kazi yao. Kisha akapiga simu, na baada ya simu akaandika. Simu hufikisha habari haraka, lakini karatasi ndiyo hubaki kuwa ushahidi. Aliandika kwa Kiswahili, akaambatanisha nakala ya Kiingereza.

> Doha, 19 Aprili
>
> Kwako Mama,
>
> Salaam. Kama nilivyokueleza kwa simu leo asubuhi, vitu vya nyumbani kwako havina bima. Bima yako iliisha tarehe 31 Machi na haikuhuishwa. Kuanzia tarehe 1 Aprili hadi leo, kitu chochote kilichoharibika au kuibwa hakilindwi na kampuni ya bima.
>
> Sababu ni hii. Notisi ya kuhuisha ilifika katika ofisi yangu tarehe 3 Machi, kwenye baruapepe ya mfanyakazi aliyekuwa ameacha kazi. Haikufunguliwa. Tarehe 20 Machi uliniandikia nikukumbushe, nikakujibu kwamba nitafanya hivyo, na sikufanya. Wewe hukukosea kitu.
>
> Kampuni imekubali kukupa bima mpya kuanzia saa utakayojibu barua hii kwa neno "Nakubali". Ada ni riyali 400, masharti ni yaleyale. Bima hiyo haitarudi nyuma. Sikuomba irudishwe nyuma, kwa sababu kwanza nataka kujua kama kuna jambo lililotokea nyumbani kwako tangu tarehe 1 Aprili. Tafadhali niambie, hata kama ni dogo. Kama lipo, usitupe kilichoharibika, na upige picha.
>
> Nimeipa taarifa kampuni inayobima kazi yangu. Masharti yake hayaniruhusu kukuahidi malipo katika barua hii, lakini hayanizuii kukueleza yaliyotokea. Una haki ya kudai kwangu hasara yoyote iliyotokana na jambo hili. Katika hilo maslahi yangu na yako yanaweza kugongana, kwa hiyo ni vyema ukapate ushauri kwa mtu mwingine. Ukitaka kulalamika, jina na anwani ya mamlaka inayonisimamia viko chini ya barua hii.
>
> Nakuomba radhi, Mama. Nitakupigia tena kesho saa tatu asubuhi.

Tazama mpangilio wake. Sentensi ya kwanza baada ya salamu imesema jambo lenye uzito kuliko yote: huna bima. Radhi imekuja mwisho, kwa sababu radhi ikitangulia huifunika habari. Tarehe zimetajwa zote, hata zile zinazomwumiza mwandishi, kama ile ya tarehe 20 Machi.

Tazama pia kile ambacho barua haikusema. Haikusema "nitakulipa". Huenda ukaona huo ni ujanja, lakini una sababu yake. Bima ya dalali kwa kawaida humkataza kukubali deni au kuahidi malipo kabla kampuni yake haijaridhia. Akivunja sharti hilo, kampuni inaweza kukataa kumlipia, na wewe ukabaki ukidai mtu mwenye mfuko mtupu. Madalali wengi hukimbilia sharti hilo kuwa kisingizio cha kutosema lolote. Barua hii imeonyesha mpaka ulipo: yaliyotokea yanaelezwa yote, na suala la malipo linaachwa lifuate njia yake.

Mama alikuwa na jambo la kusema

Tarehe 11 Aprili bomba la nyumba ya juu lilipasuka. Maji yaliingia sebuleni, yakaharibu kochi, zulia, kompyuta na cherehani. Mama alikuwa anangoja wiki yake ya mapumziko ndipo apeleke madai. Alijibu barua siku ileile: "Nakubali," kisha akaeleza habari ya maji. Kama angekuwa ametia saini karatasi ya kutokuwa na hasara, hapo ndipo angekuwa amejifunga.

Sasa anadai nini? Kanuni ya jumla ni kwamba anapaswa kuwekwa mahali ambapo angekuwa kama bima ingehuishwa. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, maana kiasi hicho kinaweza kuwa chini ya hasara yote. Tufanye hesabu pamoja.

Vitu vilivyoharibika vilikuwa na thamani ya riyali 8,000. Lakini vitu vyote vya nyumba vilikuwa na thamani ya riyali 60,000, na bima ilikuwa ya 45,000, yaani robo tatu. Hati nyingi husema kwamba ukikata bima ya robo tatu ya mali yako, utalipwa robo tatu ya kila hasara. Robo tatu ya 8,000 ni 6,000. Hati yake pia ilisema riyali 500 za kwanza za kila hasara anazibeba mwenyewe, zikabaki 5,500. Na kwa kuwa hakulipa ada ya mwaka huo, 400 zinaondolewa. Dai lake kwa dalali ni riyali 5,100.

Zaidi ya hesabu, anatakiwa kuonyesha mambo mawili: kwamba angekumbushwa angelipa, na kwamba kampuni ingelipa hasara ya aina hiyo. Kwa la kwanza ana risiti za miaka miwili na ule ujumbe wa tarehe 20 Machi. Kwa la pili ana hati ya zamani, inayotaja maji ya bomba kuwa ni hasara inayolindwa. Kama hati ingekuwa imeyatenga maji ya bomba, kosa la dalali lingekuwa kosa, lakini hasara isingetokana nalo, na dai lingeanguka.

Tena anaweza kumdai mwenye nyumba ya juu, ikiwa bomba lilipasuka kwa uzembe wake. Ila hawezi kulipwa mara mbili kwa kochi moja.

Barua kama hii ikikufikia wewe

Kabla ya kugombana na mtu, kata bima mpya, kwa dalali huyo au kwa mwingine. Hasira ni haki yako, lakini kila usiku unaopita bila bima ni hatari mpya. Tena ukijua kwamba huna bima na ukakaa hivyo, hasara itakayotokea baada ya hapo itakuwa vigumu kumbebesha dalali.

Halafu andika kilichotokea katika kipindi cha pengo, na tarehe zake. Piga picha. Hifadhi vilivyoharibika mpaka vikaguliwe, ila zuia uharibifu usiendelee: anika zulia, hamisha godoro. Tafuta risiti, ujumbe wa simu, na hati ya zamani. Karatasi yoyote inayosema "hakuna hasara iliyotokea" usiitie saini kabla ya mtu unayemwamini kukusomea kila neno kwa lugha yako.

Kisha jibu kwa maandishi, hata kama mmezungumza kwa simu. Jibu fupi linatosha: nimepokea barua yako ya tarehe fulani, nimepata hasara hii, nadai kiasi hiki, naomba jibu. Dalali asipojibu, au akakataa, nenda kwa msimamizi wake. Uingereza, kampuni ina wiki nane za kujibu lalamiko. Baada ya hapo unaweza kulipeleka bila malipo kwa msuluhishi wa malalamiko ya fedha, na ukishapata jibu la mwisho la kampuni una miezi sita tu ya kufanya hivyo. Marekani, kila jimbo lina idara yake ya bima inayopokea malalamiko.

Na kama hakuna barua iliyokufikia, haina maana kwamba hakuna kilichosahaulika. Chukua hati yako ya bima ya nyumba leo jioni, tafuta tarehe ya mwisho, uiandike kwenye kalenda ya ukutani wiki tatu kabla ya siku hiyo. Siku ikifika na hujasikia kitu, ipigie simu kampuni ya bima yenyewe, si dalali peke yake, uulize: "Bima yangu namba hii iko hai mpaka lini?" Omba wakujibu kwa maandishi.